Mifuko 28 na barua ya ukurasa mmoja

Mzigo ulifika Alhamisi ya tarehe 3 Machi 2022: mifuko 40 ya chakula cha kutagia, kila mfuko kilo 50, kutoka kiwanda nilichokuwa nanunua tangu 2019. Nafuga kuku wa mayai Kibaha. Wakati huo nilikuwa nao 800 katika mabanda mawili, 400 huku na 400 kule, wote waliingia siku moja wakiwa vifaranga na sasa walikuwa wamefikisha wiki 34. Kuku anayetaga hula gramu kama 120 kwa siku, hivyo kila banda lilikuwa linamaliza karibu mfuko mmoja kwa siku, na mzigo wa mifuko 40 ulinifikisha wiki tatu kasoro.

Kila banda lina stoo yake. Siku mzigo unafika, stoo ya banda la pili ilikuwa bado na mifuko 13 ya mzigo wa nyuma, ila ya banda la kwanza ilikuwa imekauka. Kijana wangu wa bandani akaanza kulisha chakula kipya banda la kwanza peke yake, kuanzia Jumamosi tarehe 5. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini kwa bahati hiyo nilipata kuku wa umri mmoja, wenye chanjo zilezile, wanaokunywa maji ya tangi moja, nusu yao wakila chakula cha zamani na nusu chakula kipya. Kila nilichokuja kumweleza meneja mkuu wa kiwanda mwezi mmoja baadaye kilisimama juu ya hilo.

Ijumaa tarehe 11 asubuhi niliokota yai banda la kwanza na dole gumba langu likazama. Halikupasuka, lilibonyea tu, kama mpira wa mtoto uliopungua upepo. Ganda lilikuwa jembamba na lenye chengachenga, ukiliinua juani unaona kiini kikielea. Lililofuata halikuwa na ganda kabisa, ngozi tupu. Siku hiyo nilipata ya namna hiyo tisa. Tarehe 14 kwenye mayai 341 ya banda la kwanza, 38 yalikuwa na nyufa. Banda la pili siku hiyohiyo: mayai 350, nyufa 4. Nina kaunta buku ambayo kijana anaandika kila jioni: mayai yaliyotagwa, yaliyovunjika, kuku waliokufa, mifuko iliyofunguliwa. Nilianza kuiandika kwa ajili ya mkopo wa kikundi, na sikuwahi kuwaza kwamba siku moja ingenitetea.

Aliyewahi kufuga anajua ganda la yai linatengenezwa na nini. Karibu lote ni chokaa, na kila yai linamdai kuku gramu kama mbili za kalsiamu. Chakula cha kutagia kinatakiwa kiwe na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ili kwenye zile gramu 120 apate gramu nne na zaidi, maana mwili wake hautumii yote anayomeza. Ikipungua kwenye chakula, kuku hachoki siku hiyohiyo. Anachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana siku za mwanzo mayai yanaonekana sawa, halafu ghafla ganda linaanza kuisha, kisha idadi yenyewe inashuka. Kwangu ilichukua siku sita kuanza kuonekana.

Jumamosi tarehe 12 nikamwandikia afisa mauzo kwa wasapu, nikamtumia picha. Ni kijana mwenye heshima, tumefanya kazi naye miaka mitatu. Akajibu: "Pole dada, ni hili joto la Machi, wape vitamini kwenye maji." Ni kweli joto linaharibu ganda, kuku akihema sana ganda linakuwa jembamba. Nikamjibu kwamba banda la pili liko hatua ishirini kutoka la kwanza na lina joto lilelile. Akasema mtaalamu wao atakuja Alhamisi tarehe 17. Alhamisi nilikaa nyumbani kutwa. Hakuja mtu, na simu yake ikawa inaita tu.

Siku hiyo banda la kwanza lilitoa mayai 290, na 60 kati yake yalikuwa na nyufa. Nikasimamisha kile chakula. Ilikuwa imeliwa mifuko 12, imebaki 28 ambayo haijafunguliwa. Nikanunua chakula cha kiwanda kingine kwa mabanda yote mawili, na afisa mifugo wa kata akaniambia niongeze chokaa ya mifugo kwa wale wa banda la kwanza. Ijumaa nikampigia msimamizi wa kanda, ambaye ni bosi wa yule kijana. Akaniambia nitume picha. Nikatuma kumi na moja. Akajibu, "Tunalifanyia kazi."

Usiku ule niliandika barua ya kurasa tatu kwa meneja mkuu.

Nimeitunza mpaka leo. Inaanza hivi: "Mmeniuzia vumbi kwa bei ya chakula, na kama mnadhani sisi wafugaji wadogo hatujui kusoma na kuhesabu, mmekosea sana." Humo ndani nilimtuhumu wakala wao kwamba anafungua mifuko njiani na kuchanganya pumba. Nilimtaja hadi dereva. Nilidai shilingi milioni tano. Nilitishia redio, televisheni na mahakama. Niliiandika nikilia, na kila neno wakati ule niliona ni haki yangu.

Asubuhi nikampelekea shangazi yangu anisomee kabla sijaituma. Shangazi alifanya kazi masijala ya serikali zaidi ya miaka ishirini, amefungua na kusajili barua za malalamiko ambazo hata yeye hawezi kuzihesabu. Nikamwamkia, akaipokea barua, akavaa miwani na kuchukua penseli. Hakusema kitu. Kila sentensi aliyofika aliniuliza swali moja tu, "Hii una karatasi yake?" Nikisema ninayo, anaiacha. Nikisema sina, anapiga mstari. Kwenye kurasa tatu zikabaki sentensi saba.

Nilipomuuliza kwa nini amefuta habari za wakala, na mimi nina hakika ni yeye, akavua miwani. "Mwanangu, ukimwambia mkubwa kwamba fulani ni mwizi, kazi yake ya kwanza inakuwa kuchunguza kama fulani ni mwizi. Akikuta si mwizi, faili linafungwa. Kuku wako wameishia wapi hapo?" Halafu akaniuliza ile milioni tano imetoka wapi. Sikuwa na jibu. Ilikuwa imetoka kwenye hasira.

Nilimwambia basi nitaandika upya leoleo. Akakataa. Akasema kwanza nikatafute kile kisichokuwepo: mtu mwingine, asiye mimi wala wao, aseme chakula kina nini.

Nilikuwa nimeshajaribu jambo moja nyumbani. Ukiweka vijiko vitatu vya chakula cha kutagia kwenye glasi na kumimina siki, chokaa iliyomo inatoa povu. Kile cha zamani kilichemka hadi nusu ya glasi. Kipya kilitoa viputo vichache kikatulia. Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu, lakini siki haisemi asilimia ngapi, na mtu wa kiwanda angelicheka. Halikuingia kwenye barua.

Sampuli tulichukua Jumanne tarehe 22. Nilimtumia afisa mauzo ujumbe siku mbili kabla, nikamwambia saa na mahali, nikamkaribisha awepo au amtume mtu. Hakujibu. Afisa mifugo wa kata alikuja, na jirani yangu mmoja akashuhudia. Tulichagua mifuko mitano iliyofungwa kwa uzi wa kiwandani, tukaipiga picha mishono na lebo zake, namba ya bachi ikiwa ileile kwenye yote. Tukachota kila mfuko juu, katikati na chini, tukamimina vyote kwenye turubai safi, tukachanganya na kugawa mafungu manne kama mtu anavyokata chapati. Mafungu mawili yanayotazamana yanabaki, mawili yanarudi, unachanganya tena na kugawa tena, mpaka kinabaki kiasi kidogo ambacho kweli kinawakilisha mifuko yote. Hicho tukakigawa kwenye mifuko mitatu ya plastiki. Kila mmoja tuliufunga kwa utepe wa karatasi wenye gundi, tukaweka tarehe na saini zetu tatu juu ya utepe. Mmoja ulikwenda Temeke kwenye maabara ya serikali ya mifugo, TVLA. Wa pili ulikuwa wa kiwanda wakiutaka. Wa tatu nikauweka kabatini, na huo wa tatu ndio uliokuja kuamua kesi.

Ningeokota chakula kwenye kihori au kwenye mfuko uliofunguliwa, yeyote angeweza kuniambia nimekichanganya mwenyewe, na nisingekuwa na la kujibu.

Majibu yalitoka tarehe 31 Machi. Kalsiamu asilimia 1.1. Lebo ya mfuko ilisema 3.8. Afisa mifugo alipoiona karatasi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii ni kama groa." Alimaanisha chakula cha kukuzia, kile wanachopewa kuku ambao bado hawajaanza kutaga, ambacho kalsiamu yake huwa karibu na asilimia moja. Moyo ulinilipuka. Nilitaka kuandika kwamba wameniuzia chakula cha kukuzia ndani ya mifuko ya kutagia. Shangazi akaniuliza tena swali lake. Karatasi ya maabara ilisema 1.1. Haikusema neno groa. Tukaandika 1.1.

Wakati nasubiri maabara nilifanya hesabu ya hasara kwa utulivu. Kuanzia tarehe 11 hadi 31 Machi, siku 21, nilichukua mayai mazima ya banda la pili nikatoa mayai mazima ya banda la kwanza, siku kwa siku. Tofauti ilikuwa mayai 1,890, yaani trei 63. Wakati ule nilikuwa nauza trei kwa jumla shilingi 7,500, ikawa 472,500. Lakini mayai yaliyopasuka bila kuvuja sikuyatupa. Akina mama wa maandazi walinunua trei 14 kwa 4,000, nikapata 56,000. Nikaitoa. Ikabaki 416,500. Kutoka milioni tano hadi laki nne na kumi na sita na mia tano. Iliniuma kuiandika, maana hasara niliyoisikia rohoni ilikuwa kubwa zaidi, kuna mwenye duka wa Mbezi ambaye hakurudi tena. Ila sikuwa na namna ya kuonyesha kwamba aliondoka kwa ajili ya maganda. Ile 56,000 iliyotolewa baadaye ilinifaa kuliko nilivyodhani. Meneja wa ubora aliniambia kwamba alipoona mdai amejikata mwenyewe, aliacha kukagua mistari mingine.

Kabla ya kupeleka barua nilifanya jambo ambalo wengi wanaliona la ajabu. Jumapili jioni nilimwandikia yule afisa mauzo: "Habari za jioni kaka. Kesho napeleka barua kwa meneja mkuu kuhusu ule mzigo wa tarehe 3. Nimeandika tarehe tulizowasiliana na ulichonijibu, sikuongeza kitu. Kama kuna tarehe nimekosea nirekebishe sasa." Sikutaka asikie jina lake kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya bosi. Na kwa kweli tarehe moja nilikuwa nimeikosea. Alipiga simu usiku uleule, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Alisema yeye alilipeleka suala kwa mdomo kwa msimamizi wa kanda tarehe 13, na msimamizi alimwambia asubiri. Nikaongeza hilo kwenye barua, kama maelezo yake. Aliposhuka na wakubwa wake shambani kwangu wiki ile, hakuwa adui yangu.

Na kuhusu lini mtu apande ngazi kwa mkubwa: mimi nilipanda pale majibu yalipoacha kuwa na tarehe na jina la mtu. "Mtaalamu atakuja Alhamisi" ni jibu, hata kama halikutimia, unaweza kulidai. "Tunalifanyia kazi" halina pa kushika. Nililipata mara mbili kutoka kwa msimamizi wa kanda, tarehe 18 na tarehe 25, na baada ya hapo nikajua ngazi ile imeisha. Ila sikuiruka. Mkubwa yeyote atauliza kwanza umeshaongea na nani huko chini, na ukisema hujaongea na mtu anakurudisha ulikotoka.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Juu, baada ya anwani na namba yangu ya mteja, niliandika: "YAH: Chakula cha kutagia, namba ya bachi kama ilivyo kwenye lebo, mifuko 40 iliyopokelewa 3/3/2022." Shangazi alikataa niandike YAH: MALALAMIKO. Alisema barua zenye neno hilo huenda moja kwa moja kwenye meza ya huduma kwa wateja. Yenye namba ya bachi lazima isomwe na mtu anayejua bachi ni nini. Sehemu ya kati ilikuwa hivi:

"Mifuko 12 ya mzigo huu ililiwa na kuku 400 wa banda la kwanza kuanzia tarehe 5 hadi 17 Machi. Kuku 400 wa banda la pili, wa umri na chanjo zilezile, waliendelea na mzigo wenu wa Februari. Tarehe 17 banda la kwanza lilitaga mayai 290, yenye nyufa 60. Banda la pili lilitaga 349, yenye nyufa 5. Sampuli ya mifuko mitano iliyokuwa imefungwa ilipimwa na kukutwa na kalsiamu asilimia 1.1. Lebo inaonyesha 3.8. Sijui sababu ya tofauti hii, na naamini ninyi ndio mnaoweza kuijua."

Sentensi ile ya mwisho niliihangaikia kuliko zote. Mwanzoni niliona ni udhaifu kumwambia mtu sijui. Lakini ilikuwa kweli, na ilimwachia yeye kazi ambayo ni yake.

Kisha nikaorodhesha niliowasiliana nao na tarehe. Mwisho maombi matatu: waichukue mifuko 28 na kuibadilisha au kurudisha fedha, wanirudishie thamani ya mifuko 12 iliyoliwa, tukae tuzungumze kuhusu hasara ya mayai kwa hesabu niliyoambatanisha. Niliomba jibu, hata la awali, kabla ya Jumatano tarehe 13 Aprili. Sikutaja mahakama, wala Tume ya Ushindani, wala wizara inayosimamia vyakula vya mifugo. Najua zipo, na kama tarehe 13 ingepita kimya ningekwenda. Kuzitaja kwenye barua ya kwanza kungeipeleka kwa mwanasheria wao, na mwanasheria angemwambia meneja asiseme kitu. Viambatanisho vilikuwa hati ya mzigo, risiti, picha za lebo, kurasa tano za kaunta buku, majibu ya maabara na ujumbe wa wasapu uliochapishwa.

Jumatatu tarehe 4 niliipeleka mwenyewe kiwandani, nakala mbili. Mapokezi waliniambia niiache pale. Nikamwomba dada wa mapokezi, kwa upole, anionyeshe kwa katibu muhtasi wa meneja mkuu ili anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Katibu muhtasi alikuwa mama mtu mzima. Nikamwamkia, nikamweleza kwa sentensi mbili barua inahusu nini na kwamba ni ukurasa mmoja. Aliisoma palepale akiwa amesimama. Akagonga muhuri wa kupokelewa, akaandika saa, akasema, "Atarudi kutoka bandarini saa nane. Nitaiweka juu."

Meneja mkuu alinipigia Jumatano. Sauti ya mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia. Alinishukuru kwa barua iliyoandikwa vizuri, kisha akasema jambo lililonichoma: kiwanda huhifadhi sampuli ya kila bachi, wameipima ile ya namba yangu, na kalsiamu yake ni 3.7. Yaani chakula chao kiko sawa.

Nilisikia masikio yanapata moto. Wiki tatu kabla ningemwita mwongo. Nilinyamaza kidogo, nikamwambia, "Mzee, sina sababu ya kuikataa sampuli yenu. Na nyinyi naomba msiikatae yangu kabla hamjaiona. Nina mifuko 28, kati yake 23 uzi wake haujaguswa. Njooni mchague wenyewe, tufungue pamoja." Akakaa kimya, halafu akasema Ijumaa watakuja.

Walikuja watu watatu: meneja wa ubora, msimamizi wa kanda na kijana wangu wa mauzo. Meneja wa ubora ni mwanamke, alivaa buti zake mwenyewe alizokuja nazo, akakubali kukanyaga dawa mlangoni bila kuambiwa. Alisoma kaunta buku kwa dakika kumi hivi. Kisha akachagua mifuko mitatu, akaikagua mishono kwa kidole, inchi kwa inchi, akasema ni uzi wao na haujafunguliwa. Alipoingiza mkono akatoa chakula kwenye kiganja, akakipeperusha taratibu. Chakula cha kutagia kina chembe za chokaa unazoziona kwa macho na kuzisikia zikikwaruza kidoleni. Alikisugua mara mbili. Hakusema neno, lakini nilimwona anamtazama msimamizi wa kanda.

Alichukua sampuli zake, na akaomba pia ule mfuko wa tatu wa kabatini, wenye saini zetu za tarehe 22 Machi. Majibu yao ya Jumatano tarehe 13 yalisema 1.0 kwa mifuko waliyofungua na 1.1 kwa ule wa kabatini. Sasa sampuli ya kiwandani ilisema 3.7, na mifuko yenye namba ileile ikasema 1.

Ukweli walioupata niliusoma kwenye barua ya meneja mkuu ya tarehe 20 Aprili. Siku ile ya uzalishaji walianza na chakula cha kutagia, wakachukua sampuli yao ya akiba, kisha mashine ikabadilishwa kutengeneza chakula cha kukuzia. Pembeni ya mashine ya kushonea kulikuwa kumebaki rundo la mifuko ya kutagia iliyokwisha kubandikwa lebo. Zamu iliyofuata ikaitumia. Sampuli yao haikusema uongo, na wala ya kwangu. Wakala hakufungua mfuko wowote. Dereva niliyemtaja kwenye barua ya kwanza alikuwa amebeba mzigo kama alivyopakiwa.

Mimi nimekutana na huyo dereva mara nyingi tangu wakati huo. Ananisalimia "mama kuku". Kila mara naikumbuka ile barua iliyobaki mezani kwa shangazi.

Waliichukua mifuko iliyobaki, wakaleta mifuko 40 mipya bila malipo, na kwenye hasara ya mayai wakanipa laki tatu. Niliomba ile 116,500 iliyobaki. Meneja mkuu alisema tofauti ya mabanda baada ya tarehe 17 ilichangiwa pia na kubadilisha chakula ghafla, ambako huwa kunawayumbisha kuku. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na sikuwa na namba ya kuipinga, maana banda la pili nalo nililibadilishia chakula siku hiyohiyo, hivyo sikubaki na banda la kulinganisha. Nikakubali. Msimamizi wa kanda alinipigia kuomba radhi, na tangu siku hiyo kila bachi inayokuja kwangu inafuatana na karatasi yake ya vipimo.

Kwenye barua ileile kulikuwa na aya moja ambayo sikuitegemea. Ilisema mifuko ya namba hiyo iliyokosewa ilikuwa 112, na kwamba barua yangu ndiyo iliyowafanya wawatafute wateja wengine. Nikampigia yule kijana wa mauzo kumuuliza waliwapata wangapi. Akasema wawili. Mmoja ni mzee wa Chalinze aliyekuwa na kuku 300. Alipoona maganda yanaisha na mayai yanashuka, alidhani kuku wake wamezeeka kabla ya wakati, akawauza wote kwa bei ya nyama mwishoni mwa Machi. Kiwanda kilimrudishia thamani ya mifuko. Kwa kuku hawakuweza kumfanyia hesabu. Hakuwa na daftari, na mifuko yenye lebo alikuwa ameshaichana na kufungia miche.